Mauzo juu, madeni juu: Mfanyakazi anapojipima mwenyewe mwisho wa mwaka

KILA mwaka unapofungwa, makampuni mengi huwapa wafanyakazi wake fomu ya tathmini na kuwataka waandike wenyewe walichofanikiwa na walichoshindwa. Wafanyakazi wengi huijaza kwa haraka, na wakubwa wao huitia saini bila kuisoma. Hata hivyo, kwa mwenye mtaji, maelezo hayo ni karatasi yenye thamani, kwa sababu aghalabu yanataja mahali fedha inapovuja kabla hesabu za mwaka hazijakaguliwa.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania iliachana na taarifa za siri ambazo mkubwa aliandika juu ya mtumishi bila mtumishi kuziona, ikaanzisha mfumo wa wazi uliojulikana kwa kifupi kama OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, wakayapitia katikati, na mwishoni mtumishi akajipa alama kwanza, kuanzia 1 iliyo bora kabisa hadi 5 iliyo mbaya kabisa. Msimamizi naye alitoa alama yake, kisha wawili hao wakakubaliana alama moja. Serikali imekwisha hamia mfumo wa kompyuta, lakini mpango huo wa kuanza na kauli ya mfanyakazi ndio unaotumika pia katika makampuni mengi ya watu binafsi.

Tatizo liko kwenye kinachoandikwa. Chukua mfano wa afisa mauzo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, linalouza saruji, nondo na mabati kwa wenye maduka ya rejareja. Mwisho wa mwaka anaandika hivi: "Nimeongeza mauzo kutoka sh. 480 milioni hadi sh. 600 milioni, sawa na asilimia 25. Udhaifu wangu ni kwamba najituma kupita kiasi na nasahau kupumzika."

Sentensi ya kwanza ni ya kweli. Sentensi ya pili haimsaidii yeyote, kwani huo si udhaifu bali ni sifa iliyovalishwa kanzu ya udhaifu. Mwenye duka akiishia hapo, atampongeza na kumwongezea mshahara. Akifungua daftari la wadaiwa, ataona habari nyingine.

Daftari linasema nini

Mwaka uliotangulia, nusu ya mauzo ilikuwa ya fedha taslimu, yaani sh. 240 milioni, na nusu nyingine ilikuwa mali kauli. Mwaka huu mali kauli imefika sh. 420 milioni, na taslimu imeshuka hadi sh. 180 milioni. Maana yake ni kwamba ongezeko lote la sh. 120 milioni limetokana na kukopesha. Mauzo ya taslimu yamepungua kwa sh. 60 milioni, na baadhi ya waliokuwa wakilipa papo hapo sasa wanachukua kwa ahadi.

Wateja wa duka hilo hupewa siku 30 za kulipa. Kwa mauzo ya mkopo ya sh. 420 milioni kwa mwaka, deni la kawaida linalosubiri siku yake ni kama mauzo ya mwezi mmoja, yaani sh. 35 milioni. Lakini siku ya kufunga mwaka wadaiwa wanadaiwa sh. 84 milioni. Kwa hiyo sh. 49 milioni zimepitisha muda. Mwaka uliotangulia zilizopitisha muda zilikuwa sh. 9 milioni tu.

Hapo ndipo mafanikio yanapopimwa. Ikiwa duka linapata faida ghafi ya asilimia 8, ongezeko la mauzo la sh. 120 milioni limeleta sh. 9.6 milioni. Ikiwa mzigo unanunuliwa kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 18, ongezeko la sh. 40 milioni la madeni yaliyochelewa, likikaa hivyo mwaka mzima, linakula sh. 7.2 milioni. Kinachobaki ni sh. 2.4 milioni. Tena, katika hizo sh. 49 milioni, sh. 12 milioni zimepita siku 90. Robo tu ya fedha hiyo ikipotea, yaani sh. 3 milioni, ongezeko lote la mauzo limegeuka hasara.

Hakuna wizi hapa. Afisa mauzo hakudanganya. Ametaja upande mmoja wa hesabu na kuuacha wa pili, na fomu ilimruhusu kufanya hivyo.

Maelezo yanayofaa

Afisa huyo huyo angeweza kuandika hivi:

"Mauzo yamepanda kutoka sh. 480 milioni hadi sh. 600 milioni. Nimefungua wateja wapya 11, na 8 kati yao wamenunua zaidi ya mara tatu. Hata hivyo, ongezeko lote ni la mali kauli, na sh. 49 milioni zimepitisha siku 30. Katika hizo, sh. 31 milioni ziko kwa wateja watano. Wanne kati yao niliwapa mzigo mpya kabla hawajamaliza wa zamani, kwa kuogopa wasihamie duka la jirani. Huo ni udhaifu wangu: nauza vizuri, lakini naona haya kudai. Tangu Oktoba nimeacha kumwongezea mzigo mwenye deni lililopita muda, na sh. 6 milioni zimekusanywa kabla ya mwaka kufungwa. Naomba nipewe orodha ya wadaiwa kila Ijumaa, na kiwango cha mwisho cha mkopo kwa kila mteja kiidhinishwe na meneja. Lengo langu ni kushusha deni lililochelewa hadi sh. 30 milioni ifikapo mwisho wa Machi."

Maelezo haya si marefu, lakini yana mambo ambayo ya kwanza hayakuwa nayo. Mafanikio yana mahali yalipoanzia na yalipofikia, na yanaonyesha kazi ya mwandishi mwenyewe, ambayo ni wateja wapya waliorudi. Jambo hilo ni muhimu katika biashara ya saruji na nondo, kwani bei ikipanda mauzo kwa shilingi hupanda hata kama mifuko iliyotoka ni ile ile. Afisa makini huandika idadi ya mifuko na tani pamoja na shilingi, ili asidai jasho la soko kuwa jasho lake.

Udhaifu nao umeandikwa kama kitendo chenye gharama. "Mimi si mzuri katika ufuatiliaji" ni kauli isiyopimika. "Niliwapa wateja wanne mzigo mpya kabla hawajalipa" ni kitendo ambacho meneja anaweza kukihakikisha kwa kulinganisha ankara na stakabadhi. Baada ya kitendo imefuata hatua iliyokwisha chukuliwa, kisha msaada unaoombwa, kisha tarehe ya kupimwa tena.

Kosa la nani?

Msomaji makini ataona pia kwamba maelezo hayo yanamgusa mwenye duka. Kama hakuna kiwango cha mkopo kilichowekwa kwa kila mteja, afisa mauzo amebeba uamuzi usio wake. Na kama analipwa kamisheni ya asilimia 1 ya mauzo, mwaka huu atapata sh. 6 milioni badala ya sh. 4.8 milioni za mwaka jana, hata kama wateja hawajalipa. Duka lenyewe limemlipa akopeshe. Dawa yake ni kulipa kamisheni baada ya fedha kuingia, na si siku mzigo unapotoka.

Kwa sababu hiyo maelezo mazuri hutenganisha mambo matatu: lililotokana na mfanyakazi, lililotokana na utaratibu wa kampuni, na lililotokana na soko. Anayejitwisha yote anajionea, na anayeyasukuma yote kwa wengine hajajitathmini.

Hofu ya wafanyakazi inaeleweka. Wengi wanaamini kwamba udhaifu ulioandikwa kwa mkono wao utatumika kuwafukuzia. Kwa Tanzania Bara, kanuni za utendaji mwema zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira hazimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni kwa kuangalia karatasi moja. Hutazamwa kama mfanyakazi alikijua kiwango kilichotakiwa, kama kiwango hicho kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha ya kujirekebisha. Kwa mtazamo huo, udhaifu ulioandikwa pamoja na sababu, hatua na tarehe unaweza kumlinda aliyeuandika, kwa kuwa unaonyesha kwamba alilisema tatizo na kuomba msaada.

Lakini kanuni hizo hazifuniki kila kitu. Aliyepokea fedha ya mteja na kuitumia hana udhaifu wa utendaji, ana kosa la nidhamu, na fomu ya tathmini siyo mahali pa kulitengenezea jina jingine. Mwajiri naye ajue kwamba akimwadhibu aliyesema kweli mwaka huu, mwakani atapokea fomu zilizojaa sifa tupu, na habari ya madeni ataisikia kutoka benki.

Jinsi ya kuisoma

Kwa mwenye biashara, dalili za maelezo yasiyofaa si nyingi. Ya kwanza ni asilimia isiyotaja ilikotoka. Ya pili ni udhaifu usiogharimu hata shilingi. Ya tatu huonekana kwa kuweka fomu ya mwaka jana kando ya ya mwaka huu: udhaifu ukirudiwa neno kwa neno, basi hakuna aliyefanyia kazi lolote kati ya Januari na Desemba, si mfanyakazi wala msimamizi wake.

Aidha, fomu isisomwe peke yake. Iletwe mezani pamoja na daftari la wadaiwa lililopangwa kwa umri wa deni: ambayo hayajafika siku 30, yaliyozidi hapo, na yaliyopita siku 90. Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia katika duka la namna hii, maswali mawili yanatosha kwa kuanzia: ongezeko la mauzo lilikuwa taslimu kiasi gani, na wauzaji wanalipwa kamisheni mzigo unapotoka au fedha inapoingia. Ikiwa majibu yanapatikana katika maelezo ya wafanyakazi wenyewe, na yanalingana na daftari, duka hilo linajijua.

Kinachobaki ni mwisho wa Machi, pale deni la sh. 49 milioni litakapoonekana kama limeshuka hadi sh. 30 milioni. Tathmini isiyorudiwa tarehe hiyo itakuwa imeandikwa kwa ajili ya kabati.