Sura ya 4: Geuza Kopo

Nilipanga sura hii iende kwa zamu: shampuu, kondishena, kisha mafuta. Mpango huo unakwamishwa na malalamiko ninayoyasikia kila mahali: "Napaka mafuta kila siku, mbona nywele bado kavu?"

Kwa sababu mafuta si maji. Unyevu wa unywele ni maji, na kazi kubwa ya mafuta ni kuyachelewesha yasitoke. Ukipaka juu ya nywele kavu, umefungia ukavu ndani. Nywele za kipilipili huumia zaidi kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka kwenye mizunguko hadi nchani, na unywele hukatika kirahisi pale unapojikunja. Msimsingizie jirani kijicho.

Basi geuza kopo. Viambato huorodheshwa kwa wingi, kilichozidi kikitangulia. Orodha ikianza na Aqua, hayo ni maji. Ikianza na Petrolatum au Paraffinum Liquidum, umeshika mafuta ya mgando au ya madini: yanafunga vizuri sana, ila neno "unyevu" lililoandikwa mbele ni la muuzaji.

Sasa chukua kondishena yenye neno "argani" kwa herufi za dhahabu. Nyuma inasomeka hivi: Aqua, Cetearyl Alcohol, Behentrimonium Chloride, Glycerin, Phenoxyethanol, Parfum, Argania Spinosa Kernel Oil. Tazama Phenoxyethanol. Ni kihifadhi, na sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1. Kampuni ikiifuata sheria hiyo, kila kilichoandikwa baada yake nacho hakizidi asilimia 1. Katika kopo la gramu 500, argani yako haivuki gramu 5, kama kijiko cha chai, na huenda ni tone tu, maana chini ya asilimia 1 mtengenezaji hupanga majina apendavyo. Hata manukato yametangulia!

Hata hivyo kondishena yenyewe ni nzuri. Behentrimonium Chloride hushika unywele na kuufanya uteleze, mafundo yafunguke bila kukatika. Cetearyl Alcohol, inayokimbiwa kwa sababu ya jina lake, ni nta laini ya kulainisha. Inayokausha ni Alcohol Denat., nayo itie shaka ikiwa juu kwenye orodha. Nunua, ila usilipe bei ya argani. Na anayekuuzia kopo "lisilo na kemikali" muulize kama halina maji.

Kwenye shampuu, Sodium Lauryl Sulfate ikifuata mara baada ya maji, tarajia sabuni kali. Nywele zikitoa mlio ukizipitisha vidoleni na kukwaruza zikikauka, imekomba kupita kiasi. Isiwe ya kila wiki. Lakini kama umerundika mafuta ya mgando kwa mwezi mzima, shampuu laini itayapapasa tu. Hapo ile kali ioshe mara moja, kisha kondishena ifuate nywele zikiwa bado zinachuruzika maji.