Mvua ya Kwanza na Siku ya Kupanda

Mkoani Dodoma, mvua za msimu hutarajiwa kuanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, nazo hukoma Aprili. Mvua ya mapema inaweza kuotesha mbegu, kisha ukavu wa siku kumi au zaidi ukaiua miche. Hasara hiyo ni ya mbegu iliyokwisha kununuliwa. Kwa hiyo mkulima apime kwanza. Aweke mahali pa wazi kopo lenye kuta zilizonyooka, asome maji kwa rula kila asubuhi. Milimita 20 katika siku mbili au tatu zatosha kupanda, mradi udongo ukichimbuliwa uwe na unyevu hadi sentimita 15. Kopo, hata hivyo, halitabiri. Asikilize pia utabiri wa siku kumi, na abakize mbegu ya kurudishia.

Mvua ikichelewa hadi Januari 10, hesabu ianzie mwisho wa msimu. Kufikia katikati ya Aprili zimebaki siku 95 hivi. Mahindi ya siku 120 yatakosa maji wakati wa kujaza punje. Mtama wa siku 90 waweza kukomaa.