Bima ya viza: cheti cha ubalozi na bili ya hospitali

Mtu anayeomba viza ya Schengen ya muda mfupi, ile inayomruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi cha siku 180, hawezi kukwepa bima ya afya ya safari. Wengi huinunua siku moja kabla ya miadi, kwa bei ya chini kabisa watakayoipata, wakiichukulia kama stempu nyingine ya kukamilisha faili. Kwa upande wa ubalozi mara nyingi hawakosei, kwa maana cheti cha bei nafuu kinaweza kupita bila swali. Shida huanza pale bima hiyo inapotakiwa kulipa bili. Afisa wa viza husoma ukurasa mmoja tu, wa cheti, lakini hospitali ikileta bili, kampuni ya bima hufungua kijitabu cha masharti ambacho mwenye bima mwenyewe huenda hajawahi kukifungua.

Nitamchukua mama mmoja wa mfano, mwenye miaka 68, anayekaa Moshi. Binti yake aliyeolewa Hamburg amejifungua, naye anakwenda kumsaidia kulea. Ataondoka KIA usiku wa tarehe 3 Juni, atashuka Amsterdam asubuhi ya tarehe 4 na kuunganisha ndege ya Hamburg. Atarudi kwa njia hiyohiyo tarehe 20 Julai. Ana presha na sukari ya kumeza vidonge, kama walivyo kina mama wengi wa umri wake.

Anachodai ubalozi kimeandikwa katika kifungu cha 15 cha Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009. Bima ilipe angalau euro 30,000. Ifanye kazi katika nchi zote za Schengen na kwa muda wote ambao msafiri atakuwa huko. Tena igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali kwa dharura, kumrudisha mgonjwa kwao kwa sababu za kiafya, na gharama zinazotokana na kifo. Sharti la namna hii si la Wazungu peke yao, kwani tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar hulipia bima ya lazima ya dola 44.

Hizo euro 30,000 zina mtego wake kwa sisi ambao bima zetu huandikwa kwa dola. Dola 30,000 hazifiki euro 30,000, na cheti kinachoonyesha kiasi hicho kinaweza kurudishwa dirishani. Ndiyo maana kampuni nyingi za huku huuza mpango wa Schengen wenye kikomo cha juu zaidi, au huandika kiasi kwa euro moja kwa moja. Tazama pia kama kikomo hicho kimegawanywa ndani. Unaweza kukuta juu pameandikwa euro 30,000, halafu kwenye jedwali la chini kulazwa kumepewa 15,000 na kusafirisha maiti 5,000. Hapo kiasi cha juu kimebaki pambo. Na hata zikiwa kamili, euro 30,000 ni kima cha chini cha kisheria, hazikupimwa kwa hali ya mgonjwa yeyote. Wiki chache za chumba cha wagonjwa mahututi zinaweza kuzimaliza, na ndege maalumu ya wagonjwa kutoka Ujerumani hadi Afrika Mashariki inaweza kuzizidi peke yake. Kwa mtu wa miaka 68 ningetafuta kikomo cha juu zaidi, kwa kuwa nyongeza ya bei kwa kawaida si kubwa ikilinganishwa na nauli.

Kuhusu nchi, mama yetu anakwenda Ujerumani, lakini ataingia Schengen kupitia Uholanzi, na mlinzi wa mpaka atakayemkagua ni wa Amsterdam. Bima inayotaja Ujerumani pekee haitoshi. Cheti kitaje nchi zote za Schengen, au kiseme dunia nzima.

Siku huhesabiwa zote, ya kuingia na ya kutoka. Kuanzia tarehe 4 hadi 30 Juni ni siku 27, na kuanzia tarehe 1 hadi 20 Julai ni siku 20, jumla 47. Bima nyingi huuzwa kwa mafungu, kwa mfano siku 31, siku 45, siku 62. Mtu akikadiria tu kuwa ni mwezi na nusu atalipia fungu la siku 45, na mama atabaki na siku mbili zisizo na bima. Afisa wa viza ataziona. Ipo pia bima ya mwaka mzima, ambayo kwenye cheti huonyesha tarehe ndefu za kuvutia, ilhali ndani imewekwa kikomo cha siku kadhaa kwa kila safari. Kwa mama huyu ningeanza bima tarehe 3 na kuimaliza tarehe 22, ili ndege ikichelewa asijikute Amsterdam akiwa hana kinga.

Sheria inasema bima inunuliwe, inapowezekana, katika nchi anayoishi mwombaji, lakini inamruhusu pia mtu mwingine kumnunulia. Kwa hiyo binti anaweza kuinunua Ujerumani, ambako kampuni huuza bima mahususi kwa wageni wa familia. Mara nyingi inafaa kufanya hivyo, kwa sababu hospitali ya Hamburg na kampuni ya Ujerumani zitaelewana kwa haraka zaidi. Ubalozi nao hupaswa kujiridhisha kwamba madai dhidi ya kampuni yaliyoandikwa kwenye cheti yanaweza kulipwa ndani ya Schengen. Ndiyo maana cheti cha kampuni ya huku kinapaswa kuonyesha simu ya dharura inayopokewa saa 24, na pia jina la kampuni ya huduma inayoiwakilisha Ulaya.

Tuseme sasa ameamua kununua hapa nyumbani. Anakaa mbele ya wakala, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo mama. Una ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Marahaba baba. Hapana, nina presha tu hii ya kawaida."

Kijana anaweka alama kwenye "hapana" na kuendelea na swali linalofuata. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kwa mama, presha aliyokaa nayo miaka 12 na kuitunza kwa kidonge cha asubuhi si ugonjwa. Kwa kampuni ya bima huo ni ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari, na karibu kila kijitabu cha masharti kina ibara kuhusu jambo hilo.

Kuna bima ambazo hazilipi chochote kinachotokana na ugonjwa wa zamani. Nyingine hulipa kwa kikomo kidogo, tena pale tu hali inapobadilika ghafla na kuhatarisha maisha. Nyingine hulipa vizuri, ila kwa sharti kwamba ugonjwa ulitajwa na bei ikaongezwa. Mama akipata kiharusi wiki ya tatu, daktari wa zamu atauliza anatumia dawa gani, na binti atafungua mkoba na kutoa vidonge vya presha. Majina ya dawa yataandikwa kwenye faili, na nakala ya faili itakwenda kwa kampuni ya bima. Kuanzia hapo lile "hapana" la Moshi linaweza kutumika kukataa madai yote. Kibaya zaidi ni kwamba cheti kilichopatikana kwa "hapana" na kile ambacho kingepatikana kwa "ndiyo" hufanana kabisa mbele ya ubalozi. Hakuna atakayekuonya kabla ya siku ya bili.

Kwa hiyo taja presha, taja sukari, taja upasuaji wa mwaka jana, na uombe jibu la maandishi kuhusu kinacholipwa. Kampuni ikikataa kabisa kumkinga mtu dhidi ya ugonjwa alionao, ni heri kujua mapema na kutafuta nyingine, hata kama bei ni mara mbili.

Mengine yasiyolipiwa ni rahisi kukisia: kwenda Ulaya kwa lengo la kutibiwa, ajali iliyotokana na ulevi, michezo ya hatari, kusafiri huku daktari amekukataza, vita. Jino hutibiwa kutuliza maumivu tu. Mjamzito asome ibara yake kwa makini, kwa sababu bima nyingi husimama baada ya wiki fulani za mimba na hazihesabu kujifungua kwa kawaida kuwa ni dharura. Zipo pia bima zinazomtaka mgonjwa ajilipie kiasi fulani cha mwanzo katika kila dai. Chagua isiyo na sharti hilo, ili kusiwe na mjadala dirishani kama euro 30,000 zimetimia.

Kwenye faili ya maombi unaambatisha cheti, si kijitabu kizima. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Tarehe za kuanza na kuisha ziwepo, pia eneo, kiasi, na sentensi inayotaja wazi matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani na kifo. Stakabadhi ya malipo pekee haihesabiki kuwa ushahidi wa bima. Barua ya mwajiri inayosema mfanyakazi ana bima haifai pia kama haitaji mambo hayo, na kadi ya NHIF haivuki mpaka. Bima inayokuja na kadi ya benki inaweza kukubalika benki ikitoa barua yenye maelezo hayo yote, jambo ambalo huchukua siku zake. Ombi la viza hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, basi usiiache barua hiyo hadi mwisho.

Mama akishafika Hamburg, namba ya dharura ikae kwenye simu ya binti na ya mkwe, si kwenye bahasha ndani ya sanduku. Masharti mengi yanataka kampuni ipigiwe kabla ya kulazwa, au ndani ya muda mfupi baada yake kama hali ilikuwa mbaya. Ikipigiwa mapema huweza kuihakikishia hospitali malipo. Isipopigiwa, familia hulipa kwanza na kudai baadaye, ikiwa na bili, risiti na ripoti ya daktari.

Akipewa viza ya kuingia mara nyingi, bima aliyoonyesha ni ya safari ya kwanza tu, na kwenye fomu ya maombi atakuwa ametia saini kukiri kwamba safari zinazofuata zitahitaji bima nyingine. Viza ikikataliwa, kampuni nyingi hurudisha pesa au sehemu yake, mradi bima haijaanza kutumika na barua ya kukataliwa ipelekwe ndani ya muda uliowekwa. Muulize wakala kuhusu hilo kabla ya kulipa, na jibu lake aliandike.