Pete Moja, Picha Arobaini

Sonara akiishika pete ya tanzanaiti huiona yote kwa mara moja: kito cha buluu, kucha nne za dhahabu zinazokishika, na duara la pete linalopotelea nyuma. Kamera haiioni hivyo. Mpiga picha akiisogelea kwa lenzi ya makro na kufokasi kwenye ukucha wa mbele, kito kinageuka ukungu. Akihamia kwenye kito, kucha zinafifia.

Sababu yake ni ukaribu. Lenzi ya makro ikisogezwa mpaka kitu cha milimita 20 kikachukua milimita 20 hizo hizo kwenye sensa, sehemu inayokaa ndani ya fokasi kwa f/8 huwa na unene wa milimita moja hivi. Pete iliyoinamishwa kidogo ina kina cha milimita 18 kutoka mbele hadi nyuma. Milimita 17 zilizobaki hazina pa kujificha.

Wengi hukimbilia kuziba tundu la lenzi hadi f/22, na ni kweli kina cha fokasi huongezeka. Lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo husambaa, na kwa ukaribu huo f/22 hufanya kazi kama f/44. Kila nukta ya pete huanguka kwenye sensa ikiwa doa la karibu milimita 0.06. Pikseli ya kamera ya megapikseli 24 yenye sensa kubwa ina milimita 0.006 tu, kwa hiyo doa moja linatapakaa upana wa pikseli kumi. Picha yote inalainika, kuanzia ukucha wa mbele hadi nyuma.

Njia iliyobaki ni kubaki kwenye f/8, au f/5.6, na kuikata pete kwa fokasi kama mkate wa slesi: kila picha inachukua kipande chembamba, kisha programu inavipandanisha vipande vyote viwe picha moja.

Swali la kwanza ni unene wa kila kipande. Namba ya hatua kwenye menyu za kamera nyingi haisomeki kwa milimita, na mpiga picha makini hujipimia mwenyewe. Anaweka rula mbele ya lenzi, ameiinamisha nyuzi 45, anapiga picha moja na kuhesabu mistari inayosomeka vizuri kabisa picha ikikuzwa kwa asilimia 100. Urefu huo akiuzidisha kwa 0.7 anapata kina halisi. Tuseme amepata milimita 0.7. Hatua ya milimita 0.5 itatosha, kwa kuwa kila kipande lazima kipandie kidogo kilichotangulia. Milimita 18 kwa hatua hiyo ni picha 37, na akiongeza chache za ziada mbele na nyuma zinafika 40.

Pete husimamishwa kwa kipande cha nta kilichofichwa nyuma yake, ikapulizwa na kupigwa brashi laini, maana kwa ukaribu huu vumbi lisiloonekana kwa macho huonekana kama changarawe. Taa hupitishwa kwenye karatasi nyeupe inayopenya mwanga, ili dhahabu iakisi weupe tulivu badala ya balbu. Kila kitu kwenye kamera hufungwa kwa mkono: mwanga, rangi, ISO 100. Kikiachwa kimoja kijipange chenyewe, picha ya 12 itakuwa nyeusi kuliko ya 11 na muunganiko utaonyesha mabaka.

Fokasi huanza mbele kidogo ya ukucha wa kwanza, mahali ambapo hakuna chochote kilicho wazi, na kuishia nyuma ya pete. Kamera zenye uwezo wa kusogeza fokasi zenyewe humaliza kazi hiyo bila kuguswa. Asiye nayo huzungusha pete ya fokasi kwa mkono, taratibu, bila kuruka wala kurudi nyuma, na kupiga kwa kuchelewesha shata sekunde mbili ili mtikiso utulie. Wapo wanaotumia reli ndogo inayosogeza kamera nzima. Kwa vito reli ina kasoro: kamera ikisogea, mahali inapotazamia panabadilika, na miale kwenye dhahabu inatambaa kutoka picha hadi picha. Reli inafaa zaidi pale ukuzaji unapopita kipimo halisi cha kitu.

Kisha ni kompyuta. Helicon Focus na Zerene Stacker zinauzwa kwa kazi hii hasa, lakini zipo programu mbili za bure, zinazoambatana na Hugin, ambazo hufanya kazi hiyo kwa mistari miwili:

```
align_image_stack -m -a pete_ *.tif
enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask --output=tayari.tif pete_*.tif
```

Mstari wa kwanza unazilinganisha picha, kwa sababu fokasi ikisogea pete hukua au kupungua kidogo kwenye fremu. Wa pili unapita kila sehemu, unatafuta picha ambayo tofauti ya weusi na weupe ni kali zaidi hapo, na kuichukua hiyo peke yake bila kuichanganya na nyingine.

Hapo ndipo kito kinapoleta taabu yake. Kito kilichochongwa kina mistari ya michongo juu, na ndani yake kuna taswira za michongo ya chini zinazoonekana kwa kina tofauti. Picha ya 10 inanasa mistari ya juu, ya 20 inanasa taswira za ndani, na zote ziko wazi. Programu haijui jicho lingechagua ipi. Inaokota pote penye mstari mkali, na kito kinatoka kama kioo kilichopasuka. Dawa ni kukirekebisha kwa brashi: mpiga picha anachagua fremu moja au mbili ambamo uso wa kito umetulia, na kuzipaka juu ya eneo la kito pekee. Dhahabu inabaki na fremu zote 40.

Makosa mengine yanajitambulisha yenyewe. Mkanda wa ukungu unaojirudia kwenye duara la pete maana yake hatua ilikuwa kubwa mno. Safu ya vidoa vinavyofuatana ni vumbi moja kwenye sensa, lililorudiwa kila picha ilipolinganishwa. Utando hafifu kuzunguka ukucha wa mbele ni mgumu zaidi: ukucha ulipokuwa nje ya fokasi ulivimba na kufunika kilicho nyuma yake, hivyo hakuna fremu hata moja iliyokiona vizuri. Mandhari ya rangi moja hupunguza aibu hiyo.

Wadudu hufuata utaratibu huo huo, ila vipimo vyao hushtua. Mpiga picha Mwingereza Levon Biss, kwa maonyesho yake ya mwaka 2016 kwenye makumbusho ya historia asilia ya Chuo Kikuu cha Oxford, alitumia lenzi ya hadubini na kusogeza kamera maikroni 10 kwa kila picha. Mdudu mmoja mkavu alihitaji picha 8,000 hadi 10,000, kwa kuwa kila sehemu ya mwili iliwashiwa taa zake.

Mdudu hai hampi mtu nafasi hiyo. Nyuki aliyelala juu ya ua alfajiri, kabla jua halijampasha mwili, huweza kutulia kwa picha 10 au 15 za mfululizo wa haraka, upepo ukiwa umetulia. Akitikisa papasi moja katikati ya mfululizo, picha ya mwisho itampa papasi tatu, na ya ziada itabidi ifutwe kwa mkono.