Tone la Jasho Kwenye Mirihi

Filamu ya Total Recall ya 1990, iliyoongozwa na Paul Verhoeven, inamhusu Quaid, fundi wa ujenzi anayekwenda kwenye kampuni ya kupandikiza kumbukumbu bandia za safari. Anachagua kuwa jasusi kwenye sayari ya Mirihi. Muuzaji anamwahidi kwamba atampata mrembo, atawaua wabaya na kuiokoa sayari nzima. Kabla hajapigwa usingizi, sura ya mrembo huyo inaonyeshwa kwenye skrini, na fundi mmoja anashangaa kuwa ratiba ina anga ya buluu huko Mirihi.

Dokezo zote zimetolewa hapo, wakati mtazamaji bado anaziona kama porojo za biashara. Zingekuja baada ya shaka kuanza, angezishtukia.

Baadaye, hotelini Mirihi, daktari anamwambia Quaid kuwa bado amelala kwenye kiti, ameze kidonge aamke. Maneno yana mantiki kabisa. Quaid anakiweka mdomoni, kisha anaona tone la jasho likimtiririka daktari usoni. Mtu wa ndotoni ataogopa nini? Anampiga risasi.

Lakini jasho nalo laweza kuotwa. Upande wa pili, adui wanapanga njama Quaid akiwa hayupo, na ndoto haina kawaida ya kumwacha mwenyewe nje. Mizani haielemei popote. Mwishoni anga inakuwa ya buluu, na picha inafifia kuwa nyeupe, si nyeusi.