Tui, Maziwa na Soya: Hesabu ya Kalori Chunguni

Katika nyumba nyingi za Majengo, hapa Songea, mtu akipika mchuzi wa nazi hukosi kusikia neno hili: "Tui hunenepesha, afadhali maziwa." Wengine nao husema kwamba uji wa mtoto ukitiwa tui basi umekamilika. Maneno yote mawili yana kweli ndani yake, lakini ni wachache waliokaa wakafanya hesabu.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, na hizi tutakazozitaja ndizo zile kubwa ambazo wataalamu huziita kilokalori. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Gramu 1 ya protini, au ya wanga, au ya sukari, hutoa 4. Maji hayatoi kitu. Mambo mengine yote yanatokana na hayo.

Ukitazama jedwali la vyakula utaona tui la nazi limeandikiwa kalori 230 hivi kwa gramu 100, na maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa mafuta 60 na kidogo. Msomaji atashtuka. Lakini tui la jedwali ni tui zito, lililokamuliwa kwa maji machache sana. Je, wapishi wetu ndivyo wakamuavyo? Hasha. Nazi huletwa huku kwetu kwa malori kutoka pwani, nayo ina bei, kwa hiyo nazi moja hukamuliwa mara mbili, hata tatu.

Basi na tufanye hesabu ya chungu kimoja. Tuseme nazi yetu imekunwa kwa mbuzi ikatoa gramu 300. Theluthi yake ni mafuta, yaani gramu 100. Tuseme tena kwamba mkono umekamua nusu ya mafuta hayo, na nusu ikabaki katika machicha. Gramu 50 mara 9 ni kalori 450. Ongeza sukari na protini kidogo, tufike 500. Ikiwa maji yaliyotumika ni nusu lita, gramu 100 za tui hilo hazizidi kalori 100. Watu 5 wakila mchuzi huo, kila mmoja amepata kalori 100 za tui. Nusu lita ya maziwa ingempa kila mmoja 60 na kidogo. Tofauti yake haifiki kijiko kikubwa kimoja cha sukari!

Anayetaka kujua uzito wa tui lake alitie katika chupa nyeupe, alilaze usiku kucha, kisha apime kimo cha tabaka la juu, maana humo ndimo yalimo mafuta. Mwezi wa Julai, kwa baridi ya Songea, tabaka hilo huwa gumu, kwani mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kadhalika tui likikatika kwa moto mkali, kalori hazikupotea. Zaelea juu, isipokuwa mpishi ayaengue mafuta hayo.

Katika uji jambo ni jingine, kwa sababu mlaji ni mtoto na tumbo lake ni dogo. Mkoa wetu wa Ruvuma huvuna mahindi tele, lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu lita ya uji wenye gramu 50 za unga ina kalori 180 tu. Badili nusu ya maji yake, yaani robo lita, utie tui letu jepesi: utafika kama 420. Ukitia maziwa ya ng'ombe, 340. Ukitia ya soya yasiyo na sukari, kama 280. Tui limeshinda. Lakini tazama protini, ijengayo mwili: tui limeongeza gramu 2 au 3, maziwa gramu 8, na soya isiyozimuliwa mno huyakaribia maziwa. (Maziwa ya lozi ya pakiti, yasiyotiwa sukari, mara nyingi hayafiki kalori 20 kwa gramu 100. Mnunuzi amenunua maji.)

Soya ina hila yake. Hupanda na kutoa povu kabla haijachemka, mpishi akadhani imeiva akaiepua. Yapasa ichemke polepole robo saa au zaidi, kwa kuwa soya mbichi huzuia tumbo lisiimeng'enye protini.

Mimi ningechagua karanga. Gramu 30 zilizotwangwa laini hutia katika uji kalori 170 na protini gramu 7 au 8, wala hakuna machicha ya kutupa. Sharti ni kuzichambua kwanza: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwani huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa.