Mkopo Unaolipwa kwa Mkupuo: Jinsi ya Kuweka Akiba ya Kila Mwezi Kabla Siku Haijafika

Baadhi ya mikopo inayotolewa kwa vikundi na wafanyabiashara hulipwa kwa utaratibu tofauti na ule uliozoeleka. Kila mwezi mkopaji hulipa riba pekee. Fedha zenyewe alizokopa hubaki kama zilivyo hadi siku ya mwisho, ambapo hulipwa zote kwa mkupuo. Malipo ya mwezi huwa madogo, na hapo ndipo wengi hujisahau. Mwenye kutaka kulipa deni hilo bila kuhangaika hufungua mfuko wa kulipia deni, yaani akaunti ya pembeni anayoiwekea kiasi maalumu kila mwezi.

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji kilichokopa shilingi 600,000 kununua tangi la kupozea maziwa. Muda ni miezi 24 na riba ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani shilingi 6,000 kila mwezi. Tangi lenyewe ndilo dhamana. Mwezi wa 24 ukifika bila fedha, kikundi kinaweza kulipoteza hata kama hakikuwahi kuchelewesha riba.

Hesabu rahisi ni kugawa 600,000 kwa miezi 24, na jibu ni shilingi 25,000. Akaunti ikizaa asilimia 6 kwa mwaka baada ya kodi, yaani nusu asilimia kila mwezi, na riba hiyo ikiachwa humo, shilingi 23,592 kwa mwezi zitatosha. Ni muhimu kutumia kiwango cha baada ya kodi, kwa kuwa benki hukata asilimia 15 ya riba anayopata mwenye akiba. Ukijumlisha riba ya mkopo, kikundi kinahitaji kutenga shilingi 29,592 kila mwezi, wala si zile 6,000 pekee zinazodaiwa na benki.

Njia hii ina gharama yake. Mkopo wa kawaida wa kiasi hicho, kwa riba na muda uleule, ukilipwa kidogo kidogo kwa salio linalopungua, ungehitaji takriban shilingi 28,244 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 1,348 kila mwezi, au zaidi ya 32,000 kwa miaka miwili. Sababu ni kwamba deni linatozwa asilimia 12 huku akiba ikizaa 6 tu. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, kikundi kiulize kama kinaruhusiwa kupunguza deni mapema bila kutozwa adhabu. Kikiruhusiwa, na riba ikapungua kulingana na salio, ni nafuu kupeleka fedha hizo moja kwa moja kwenye mkopo. Mfuko unafaa pale ambapo mkataba hauruhusu hivyo.

Mfuko hukaguliwa kwa kulinganisha salio na kiasi kinachotarajiwa. Katika mfano huu, mwezi wa 6 unapaswa kuwa na takriban shilingi 143,300, mwezi wa 12 shilingi 291,000, na mwezi wa 18 shilingi 443,200. Tuseme ukame umepunguza maziwa na kikundi hakikuweka chochote mwezi wa 10, 11 na 12. Salio la mwezi wa 12 litakuwa karibu 219,900. Ili kufikia lengo, kila mchango wa miezi 12 iliyobaki lazima upande hadi takriban shilingi 29,700. Pengo hilo likigunduliwa mwezi wa 12 linazibika. Likigunduliwa mwezi wa 23, halizibiki tena kwa michango ya kawaida.

Hatari nyingine ni mahali fedha zinapowekwa. Akaunti ya muda maalumu inayokomaa baada ya tarehe ya deni haifai. Vilevile, akiba iliyo dhamana ya mikopo katika chama cha akiba na mikopo haiwezi kutolewa kwa hiari siku hiyo ikifika. Mfuko uwe na akaunti yake na watia sahihi zaidi ya mmoja, na mweka hazina asome salio lake katika kila mkutano. Wanachama wasikopeshwe kutoka humo.

Asiye na fedha siku ya mwisho hulazimika kukopa upya kwa bei ya siku hiyo. Yurobondi ya Kenya ya dola bilioni 2, iliyotolewa mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 6.875, ilipaswa kulipwa kwa mkupuo Juni 2024. Februari mwaka huo, Serikali ya Kitaifa ilitoa nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya kwanza. Deni lilisogezwa mbele, kwa riba ya juu zaidi. Kikundi kidogo kinaweza kukosa hata nafasi hiyo, kwa sababu hakuna anayelazimika kukikopesha tena.